Kuchora Kiolezo cha Sketi Nyoofu kwa Vipimo vya Mwili

(Maneno ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya mafundi wa cherehani na wanafunzi wa ushonaji wa Kwale, Diani na Msambweni)



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya sketi isiyo na marinda, ile inayoshuka kutoka nyongani hadi chini bila kupanuka wala kubana. Ndiyo sketi inayovaliwa na akina dada wengi wanaopokea wageni katika hoteli za Diani, na makarani wa maofisini, na walimu. Kwa macho ni nguo rahisi kabisa: vipande viwili au vitatu, zipu moja, ukanda wa kiunoni, basi. Lakini nguo hii haina mahali pa kuficha kosa. Gauni la marinda husamehe. Sketi nyoofu haisamehi. Na kitambaa kikisha kukatwa hakirudi dukani. Hasara ni ya fundi, au ni ya mteja aliyetoa fedha yake, na mara nyingi ni ya wote wawili pamoja na urafiki wao.

Kabla ya kushika rula, tufanye jambo moja ambalo kila mwanamke wa pwani ataliona mara moja. Chukua leso, umzungushie mwenzako nyongani mahali palipo panene kabisa, uikaze kwa pini ubavuni, kisha uiache isimame wima bila kuikunja. Tazama kiunoni. Leso imegusa mwili nyongani, lakini juu kiunoni imesimama mbali na mwili, na mkono mzima unaweza kuingia. Mwanamke anapojifunga leso yake ya kila siku huikamata ziada hiyo, huizungusha na kuipachika, na kazi imekwisha. Fundi naye ana ziada ile ile, lakini haruhusiwi kuipachika. Lazima aiondoe kwa mishono, na aiondoe pale ambapo mwili wenyewe unapinda. Hayo ndiyo maana yote ya kiolezo cha sketi. Mengine yote ni kuhesabu.

Kiolezo, ambacho wengine hukiita paterni ya msingi, ni karatasi iliyochorwa sawasawa na mwili wa mtu mmoja, bila nafasi ya mshono. Hiyo haikatiwi kitambaa moja kwa moja. Huwekwa, na kila mara inapotakiwa sketi mpya hunakiliwa kwenye karatasi nyingine, na nafasi za mishono huongezwa huko.

Sasa vipimo. Vinatakiwa vinne tu: kiuno, nyonga, kina cha kutoka kiunoni hadi nyongani, na urefu. Mteja asipimwe akiwa na leso juu ya gauni, kwani leso moja iliyofungwa huongeza inchi 1 au 2, na fundi atakuwa amepima leso. Avae nguo nyepesi moja. Fundi akiwa mwanamume, ni desturi njema ya huku kwetu kumwacha mteja aingie ndani pamoja na mama au dada yake, wapimane, na fundi aandike vipimo akiwa nje barazani. Lakini awaonyeshe kwanza jinsi ya kushika utepe, maana utepe uliolegea nyuma kwa inchi 1 huharibu kila kitu kitakachofuata.

Mteja afunge uzi kiunoni, kisha ainame upande huu na upande huu. Uzi utatafuta wenyewe mahali mwili unapokunjika, na hapo ndipo kiuno, hata kama yeye hupenda kuvaa sketi zake chini kidogo. Kipimo cha nyonga huchukuliwa mahali palipo panene kabisa pa makalio, utepe ukiwa umelala sawa kuzunguka, haukupanda nyuma. Kina hupimwa ubavuni, kutoka kwenye uzi hadi kwenye mstari wa nyonga. Mwisho mteja akae kwenye kiti, apimwe nyonga mara ya pili. Mtu akikaa hutanuka, na sketi nyoofu ni lazima ikubali kukaa.

Tuchukue mteja mmoja wa mfano, dada anayefanya kazi mapokezi katika hoteli ya Diani. Kiuno chake ni inchi 30, nyonga inchi 40, kina inchi 8, na anataka urefu wa inchi 26, chini kidogo ya goti. Natumia inchi kwa sababu ndizo zilizomo katika mazoea ya mafundi. Mwenye utepe wa sentimita ahesabu inchi 1 kuwa sentimita 2½, na kwa kazi hii hatapotea.

Hatuchori nyonga ya inchi 40, kwa maana sketi ya inchi 40 juu ya mwili wa inchi 40 ni ngozi, si nguo. Tunaongeza inchi 2 za kupumulia nyongani, ziwe 42, na inchi 1 kiunoni, ziwe 31. Akipimwa amekaa akapatikana na inchi 42 au zaidi, basi ongeza inchi nyingine 1 nyongani. Dada wetu amepata 41 akiwa amekaa, kwa hiyo 42 zinatosha.

Mwili wa kushoto na wa kulia huchorwa mmoja tu, na mwingine hupatikana kwa kukunja kitambaa. Kwa hiyo twachora nusu ya 42, yaani inchi 21. Chukua karatasi ya kaki, uchore mstatili wenye upana wa inchi 21 na urefu wa inchi 26. Pembe zake ziwe pembe kamili. Kama huna skwea, tumia ukingo wa jalada la kitabu kigumu. Upande wa kushoto wa mstatili ndio katikati ya nyuma ya sketi, na upande wa kulia ndio katikati ya mbele. Mstari wa juu ni kiuno, wa chini ni upindo. Shuka inchi 8 kutoka juu, uchore mstari wa kukata mstatili mzima. Huo ni mstari wa nyonga. Kisha gawanya upana sawasawa, inchi 10½ kila upande, na uchore mstari wima kutoka juu hadi chini. Huo ndio ubavu. Kushoto kwake ni nusu ya kipande cha nyuma, kulia kwake ni nusu ya kipande cha mbele.

Ukikata karatasi hii namna ilivyo utapata gunia safi. Kutoka mstari wa nyonga hadi chini kazi imekwisha, wala usiiguse tena. Kazi yote iliyobaki imo katika zile inchi 8 za juu.

Hesabu ziada. Nyonga ya sketi ni 42, kiuno chake ni 31. Tofauti ni inchi 11. Katika karatasi yetu ya nusu ni inchi 5½. Fundi mwenye haraka huondoa zote ubavuni, kwa kuwa ni rahisi kukata, na ndipo ubavu hutokeza kama pembe ya ng'ombe, huku nyuma kiunoni kukibaki wazi. Ubavu wa mtu hauna mpindo mkubwa hivyo. Mpindo mkubwa uko nyuma, juu ya makalio. Wa pili ni ubavuni. Na mdogo kuliko yote ni mbele, kwenye tumbo. Ziada igawanywe kwa mfano huo.

Kiuno cha nusu ni inchi 15½. Mpe mbele inchi 8 na nyuma inchi 7½, kwa sababu tumbo huchukua nafasi zaidi kidogo kuliko mgongo. Kila upande katika karatasi una inchi 10½. Basi mbele pana ziada ya inchi 2½, na nyuma pana ziada ya inchi 3. Ubavuni ondoa inchi 1¼ upande wa mbele na inchi 1¼ upande wa nyuma. Ziwe sawa, ili mishono miwili ikutane bila kuvutana. Mbele imebaki inchi 1¼, nyuma imebaki inchi 1¾. Hizo ndizo za dati.

Dati, kwa asiyejua, ni kile kipembe cha kitambaa kinachokunjwa na kushonwa upande wa ndani, kipana kiunoni na kinachokwisha kuwa si kitu kinapokaribia nyonga. Dati moja isizidi inchi 1½ kwa upana. Ikizidi, ncha yake huvimba kama kijipu hata ukiipiga pasi mara ngapi. Kwa hiyo inchi 1¼ za mbele zitakuwa dati moja, lakini inchi 1¾ za nyuma tuzigawe ziwe dati mbili, moja ya inchi 1 na nyingine ya robo tatu ya inchi.

Turudi kwenye karatasi. Kwenye mstari wa juu, pale ubavu unapoukuta, pima inchi 1¼ kuelekea nyuma na inchi 1¼ kuelekea mbele, utie nukta. Kutoka kila nukta panda juu nusu inchi. Sababu ya kupanda ni hii: utepe ukipita juu ya nyonga iliyopinda husafiri njia ndefu zaidi kuliko ukipita mahali palipo tambarare, na ukiiacha nusu inchi hiyo sketi itaning'inia vibaya ubavuni. Kutoka nukta hiyo ya juu chora mstari uliopinda taratibu, ukitokeza nje kidogo tu katikati ya safari, ushuke mpaka uuguse ubavu kwenye mstari wa nyonga. Uuguse kwa ulaini, usiingie kwa kona. Hapa mkono ndio fundi. Wengine hutumia ukingo wa sahani kubwa, na si vibaya.

Katikati ya nyuma shuka robo inchi kutoka kwenye mstari wa kiuno, kwa kuwa mgongo huingia ndani hapo. Kisha unganisha kiuno kwa mstari mlaini: kutoka nukta hiyo ya nyuma hadi nukta ya juu ya ubavu, na kutoka nukta ya ubavu wa mbele hadi katikati ya mbele.

Dati za nyuma ziwekwe inchi 3 na inchi 6 kutoka katikati ya nyuma. Hapo ndipo katikati ya kila dati, shuka wima. Ile iliyo karibu na mgongo ina upana wa inchi 1, yaani nusu inchi kila upande wa alama yake, na urefu wa inchi 5½. Ile ya pili ina upana wa robo tatu ya inchi na urefu wa inchi 5. Ya mbele iwekwe inchi 4 kutoka katikati ya mbele, upana inchi 1¼, urefu inchi 4 tu, maana tumbo huanza kutokeza juu kuliko makalio. Ncha ya dati isifike kamwe kwenye mstari wa nyonga; hapo mwili unahitaji kitambaa chote.

Sasa hakiki hesabu kabla ya mkasi. Pima kiuno cha karatasi bila kuhesabu midomo ya dati. Nyuma upate karibu inchi 7½, mbele karibu inchi 8. Jumla 15½, na mara mbili ni 31. Mstari ukipinda huongeza kidogo sana, hilo lisikutie wasiwasi. Lakini ukipata 33, umesahau dati moja.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye hasara ya kweli. Fundi hupewa kazi ya kushonea wafanyakazi wanawake kumi sare moja. Huchora karatasi moja ya nyonga 40, na wote wenye nyonga 40 huwakatia kwa karatasi hiyo. Basi mfikirie dada wa pili, nyonga yake ni 40 kama ya yule wa kwanza, lakini kiuno chake ni 36. Sketi yake ina 42 nyongani na 37 kiunoni. Ziada ni inchi 5 tu, katika nusu ni 2½, wala si 5½. Kiuno cha nusu ni 18½: mbele 9½, nyuma 9. Mbele pana ziada ya inchi 1, na yote iondolewe ubavuni. Hana dati ya mbele kabisa. Nyuma pana ziada ya inchi 1½: inchi 1 ubavuni, na dati moja ya nusu inchi. Tazama jinsi karatasi hizi mbili zilivyo moja kutoka nyonga hadi chini, na jinsi zisivyofanana hata kidogo juu. Akikatiwa kwa karatasi ya mwenzake, hafungi zipu. Na fundi akizifungua dati ili kuongeza kiuno, alama za sindano zitabaki juu ya tumbo la sare mpya. Kwa dada huyu, tumbo likiwa limetokeza sana, katikati ya mbele ipandishwe nusu inchi, la sivyo upindo wa mbele utanyanyuka.

Karatasi peke yake haitoshi kuaminiwa. Zamani mafundi walijaribia kwenye marekani, kitambaa kile kisichopaushwa kilichoitwa hivyo kwa sababu katika karne ya 19 kililetwa pwani hii na wafanyabiashara kutoka Marekani. Leo leso kuukuu inafanya kazi hiyo hiyo. Leso ina urefu wa karibu inchi 60 na upana wa zaidi kidogo ya inchi 40, nayo inatosha kutoa mbele na nyuma ya sketi ya inchi 26, kipande kimoja juu na kingine chini. Shona kwa mishono mirefu, mvalishe mteja, kisha simama mbali ukaitazame.

Kuna dalili tatu za kutazama. Ya kwanza ni mikunjo ya kulala inayovutana kutoka ubavu hadi ubavu chini ya tumbo: nyonga inabana, na tiba yake ni kuongeza upana ubavuni, wala si kugusa dati. Ya pili ni bonge la kitambaa linalolala nyuma, chini tu ya ukanda: mgongo wake unaingia ndani zaidi ya ile robo inchi tuliyoishusha. Libane bonge hilo kwa pini, upime lina kiasi gani, na ukashushe katikati ya nyuma kwa kiasi hicho. Ya tatu ni upindo kupanda nyuma, na mshono wa ubavu kuvutwa kurudi nyuma badala ya kusimama wima. Makalio yanaomba kitambaa, wala hakipo. Mteja wa namna hii asishushwe katikati ya nyuma hata hiyo robo inchi. Apandishwe nusu inchi, na ubavu wa nyuma upewe nusu inchi zaidi kutoka kiunoni hadi chini. Nyongeza hiyo ya kiunoni iingizwe ndani ya dati za nyuma, ziwe pana zaidi. Kila badiliko liandikwe kwenye karatasi siku hiyo hiyo, pamoja na jina la mteja na tarehe, kwani mwili hubadilika, hasa baada ya uzazi.

Baada ya hapo ndipo kiolezo hunakiliwa na nafasi za mishono kuongezwa: ubavuni inchi 1, katikati ya nyuma inchi 1 kwa ajili ya zipu, kiunoni nusu inchi, upindo inchi 2. Katikati ya mbele hapaongezwi kitu, kwa sababu pamewekwa kwenye mkunjo wa kitambaa. Hesabu upana wote wa dada wetu wa kwanza: mbele inchi 23, nyuma inchi 25, jumla 48. Kitenge chenye upana wa inchi 45 au 46 hakiwezi kuubeba kwa safu moja. Itabidi mbele na nyuma zikatwe moja juu ya nyingine, kila kimoja inchi 29, jumla 58, na mteja anunue yadi 2. Kitambaa cha suti chenye upana wa inchi 58 au 60 kitabeba vipande vyote ubavu kwa ubavu, na yadi 1 itatosha pamoja na ukanda. Mwambie mteja hayo kabla hajaenda dukani. Na kitambaa cha pamba kilowekwe maji, kikaushwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, maana kikipungua baada ya kushonwa, kitapungua juu ya mwili wa mtu.

Limebaki jambo la hatua. Sketi hii ina inchi 42 upindoni, na ikiishia chini ya goti mvaaji atatembea. Lakini wengi wa wateja wetu hutaka ifike kwenye vifundo vya miguu, na sketi nyoofu ya inchi 38 yenye upindo wa inchi 42 humfunga mtu: hapandi matatu, na kwenye pikipiki atalazimika kukaa upande. Dawa si kuupanua upindo, kwani hapo haitakuwa sketi nyoofu tena. Dawa ni mpasuo katikati ya nyuma, kuanzia kwenye magoti kwenda chini. Asiyetaka mguu uonekane atengenezewe mkunjo wa ndani badala ya mpasuo. Katika karatasi ya nyuma, kuanzia alama ya goti hadi upindoni, ongeza inchi 4 nje ya mstari wa katikati, kisha mshono wa katikati uishie kwenye alama hiyo na zile inchi 4 za kila kipande zikunjwe upande mmoja na kushikizwa juu kwa mshono wa mshazari. Pale juu pashonwe mara mbili, kwa kuwa uzito wote wa hatua hukaa hapo. Akiwa amesimama mkunjo hufungika. Akipanda ngazi hufunguka, na ndani huonekana kitambaa tu. Upana wa nyuma upindoni sasa ni mkubwa zaidi, kwa hiyo pima kitambaa upya kabla ya kumtuma mteja dukani.